Ngumi Nzuri Husimama Kidogo

Itazame kwa makini Street Fighter II, gemu ya mapigano ambayo kampuni ya Capcom ya Japani iliitoa mwaka 1991. Ryu anarusha teke, unyayo unagusa mbavu za mpinzani, halafu wote wawili wanasimama. Hawapunguzi mwendo, wanaganda kabisa, mguu ukiwa umeshafika mwilini, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kisha mchezo unaendelea na aliyepigwa anarudi nyuma. Muulize anayeshika padi ameona nini, hatakwambia kwamba ameona watu wakisimama. Atakwambia teke lile ni zito.

Kusimama huko, ambako hapa nitakuita mgando, kupo katika karibu kila gemu ya ngumi iliyofuata. Hata hivyo, kijana anayetengeneza gemu yake ya kwanza ya kupigana mara nyingi haanzi na mgando. Anaanza kwa kutikisa skrini. Panga likigusa, kamera inaruka. Adui akifa, kamera inaruka zaidi. Wakija maadui watano, skrini nzima inacheza na mwenye padi hajui tena mhusika wake yuko wapi. Kipigo kimepata nguvu, pambano limepotea.

Sehemu ya sababu, nadhani, ni mhadhara mmoja uliosambaa sana. Mwaka 2013 Jan Willem Nijman, mmoja wa waanzilishi wawili wa studio ya Vlambeer ya Utrecht, Uholanzi, alisimama mbele ya watu akiwa na gemu ndogo ya kupiga risasi iliyopoa kabisa. Akawa anaiongezea kitu kimoja baada ya kingine: risasi kubwa zaidi, maadui wenye uhai mdogo zaidi, mmweko mdomoni mwa bunduki, maganda ya risasi yanayobaki chini, bunduki inayomsukuma nyuma anayeipiga. Mwishoni gemu ile ile ilikuwa imechangamka vibaya sana. Mtikiso wa skrini ulikuwa kitu kimoja tu katika msururu mrefu, lakini ndio uliobeba jina la mhadhara, na wengi walioutazama waliondoka na jina wakaacha yaliyobaki.

Hoja yangu ni kwamba vikolombwezo hivi havigharimu sawa. Mgando humsaidia mchezaji kusoma pambano. Mmweko na cheche, zikiwekwa kwa adabu, hazimsaidii sana wala hazimdhuru. Mtikiso humdhuru kila unapotumika, kwa hiyo hutumika kwa bahili. Anayefuata mpangilio huo anaweza kupata kipigo kizito na skrini inayoonekana vizuri.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao. Gemu ni ya kutazama kutoka ubavuni, mhusika ana panga, maadui ni majambazi wa barabarani. Picha ina upana wa pikseli 640 na urefu wa pikseli 360, kisha inakuzwa kujaza skrini. Gemu inachora picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha, au fremu, inakaa machoni kwa takriban milisekunde 17. Panga lina pigo jepesi la haraka na pigo zito la polepole. Chombo cha kazi ni Godot, kwa kuwa ni cha bure na kinakubali hata kompyuta ya kawaida.

Pigo jepesi limechorwa hivi: fremu 6 za kuinua panga, fremu 3 za panga kupita, fremu 12 za kurudi katika hali ya kusimama. Hapo ndipo penye tatizo. Wakati pekee ambao chuma kinagusa mwili ni zile fremu 3, yaani milisekunde 50. Jicho haliwahi kulishika jambo hilo. Linaona panga juu, kisha linaona panga chini, na katikati linakisia. Ndiyo maana gemu isiyo na mgando humfanya mtu ahisi anakata moshi, hata kama uhai wa adui unapungua sawasawa.

Mgando unashika fremu ile moja ya kugusana na kuikalisha. Kwa pigo jepesi fremu 4 zinatosha, karibu milisekunde 67. Kwa pigo zito weka 9 au 10. Kwa pigo linalomwua adui wa mwisho chumbani unaweza kufika 14, lakini hilo ni la sherehe na halifai kurudiwa kila baada ya sekunde mbili. Tofauti kati ya jepesi na zito ina uzito kuliko namba zenyewe. Ukizipa zote fremu 8, mchezaji hatahisi kwamba lipo pigo zito. Atahisi tu kwamba gemu ina kigugumizi.

Faida ya pili ya mgando haitajwi sana, nayo ndiyo inayonifanya niutetee. Wakati miili imesimama, mchezaji anapata nafasi ya kujua kama pigo limeingia, limezuiwa au limekosa, na kuamua la kufuata. Wachezaji wazuri wa gemu za mapigano wanaishi humo. Wanapiga pigo la kwanza la kupima, mgando unawaambia limeingia, vidole vinaendelea na mfululizo. Lisipoingia wanarudi kujilinda. Ukiuondoa mgando unapunguza utamu, na vilevile unamnyang'anya mtu taarifa.

Sasa, kuna njia mbili za kugandisha. Ya kwanza ni kusimamisha dunia nzima: katika Godot unaishusha `Engine.time_scale` karibu na sifuri kwa kitambo kisha unairudisha 1. Ni rahisi, na kwa gemu ya mtu mmoja yenye maadui wachache inafaa. Celeste ya mwaka 2018, ambayo si gemu ya mapigano, husimamisha kila kitu kwa sekunde 0.05 mhusika anapochomoka hewani, na msukumo ule unahisiwa hadi kwenye vidole. Lakini katika pambano la watu wengi dunia nzima haifai kusimama. Jambazi wa tatu aliye mbali anakwama bila kuguswa, mshale ulio hewani unaning'inia, na mchezaji aliyekuwa anahesabu mwendo wa mshale huo anakosea hesabu. Kama wawili wanacheza pamoja, kila pigo la mmoja linamkwamisha mwenzake.

Njia ya pili ni kuwagandisha wahusika wawili tu, aliyepiga na aliyepigwa. Kila mhusika anabeba kihesabio chake:

```gdscript
var mgando := 0

func _physics_process(delta):
    soma_vitufe()
    if mgando > 0:
        mgando -= 1
        return
    $AnimationPlayer.speed_scale = 1.0
    tembea(delta)

func ganda(fremu):
    mgando = maxi(mgando, fremu)
    $AnimationPlayer.speed_scale = 0.0
```

Mistari hii michache ina mitego mitatu iliyokwepwa. Wa kwanza ni vitufe. Angalia kwamba `soma_vitufe()` iko juu ya `return`. Ikikaa chini yake, chochote ambacho mchezaji atabonyeza wakati wa mgando kinapotea, na hapo ndipo anapobonyeza zaidi, kwa sababu ndipo alipojua pigo limeingia. Atalalamika kwamba padi ni mbovu. Vitufe visomwe na kuwekwa akiba, vitumike fremu ya kwanza baada ya mgando kuisha.

Mtego wa pili ni `maxi`. Panga likipita katika miili ya majambazi watano kwa mpigo mmoja, `ganda` itaitwa mara tano kwa anayepiga. Ukijumlisha, fremu 4 zinakuwa 20, theluthi ya sekunde ya kusimama kama sanamu. Kuchukua iliyo kubwa kuliko zote kunatosha. Wa tatu ni picha za mwendo: usipoisimamisha `AnimationPlayer`, mwili unabaki pale pale lakini panga linaendelea kushuka, na ile fremu ya kugusana uliyotaka ionekane inapita zake.

Kuna nyongeza ndogo inayofaa sana hapa. Aliyepigwa, akiwa ameganda, asogezwe kulia na kushoto kwa pikseli 2 kila fremu, na aliyepiga atulie kabisa. Gemu za Super Smash Bros. hufanya hivyo, na Masahiro Sakurai aliyezibuni ameueleza mgando kwa kina katika video zake za kufundisha utengenezaji wa gemu. Ukiitazama picha iliyosimama, huwezi kujua nani kampiga nani. Ukimwona mmoja anatetemeka na mwingine katulia, hakuna swali. Mtetemo huo wa mwili mmoja unafanya sehemu kubwa ya kazi ambayo watu huipeleka kwa kamera, na haumsumbui mtu kwa sababu kila kitu kingine kimetulia.

Mgando nao una kikomo chake, na kikomo hicho kinapatikana kwa hesabu ya darasa la nne. Mchezaji wetu akipiga mapigo mepesi matatu kwa sekunde, fremu 4 kila moja, mhusika anasimama fremu 12 kati ya 60. Hiyo ni moja ya tano ya muda wake, na bado inavumilika. Ukitumia fremu 8, inakuwa 24 kati ya 60, na pambano linaanza kuvuta miguu. Bunduki ya mfululizo yenye risasi 10 kwa sekunde ikipewa fremu 4 kila risasi inafika 40 kati ya 60, theluthi mbili ya sekunde imekufa. Ndiyo sababu bunduki za namna hiyo hazigandishwi kwa kila risasi. Mgando huwekwa kwa risasi inayoua tu.

Baada ya mgando zinafuata mmweko na cheche. Mmweko ni kumgeuza aliyepigwa awe mweupe mwili mzima kwa fremu 2 au 3. Awe yeye tu. Kumwesha skrini nzima ni kosa la kisanii na ni hatari ya kiafya pia. Tarehe 16 Desemba 1997, kipindi cha katuni ya Pokémon kilirushwa Japani kikiwa na mwanga mwekundu na wa buluu uliopishana karibu mara 12 kwa sekunde, na watoto 685 walipelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa na degedege. Miongozo ya kimataifa ya tovuti inataka kitu chochote kisimweke zaidi ya mara tatu ndani ya sekunde moja, isipokuwa mwanga uwe mdogo au hafifu vya kutosha. Mchezaji mwenye panga jepesi anafika mapigo matatu kwa sekunde bila jasho. Mwili mmoja mdogo katika picha kubwa hauleti shida. Skrini nzima nyeupe italeta.

Cheche zina shida nyingine: hufunika. Weka sita hadi kumi kwa pigo jepesi, zisiishi zaidi ya sekunde 0.2, na ziruke kuelekea upande panga linakokwenda. Zikirukia kila upande zinakuwa ua linalochanua, na jicho halijui nguvu imetoka wapi. Mpangilio wa tabaka ndio ambao wengi huusahau. Cheche zikae juu ya mwili wa aliyepigwa lakini chini ya mishale, chini ya mhusika wa mchezaji, na chini kabisa ya dalili za hatari, kwa mfano jicho la jambazi linalong'aa kabla hajashambulia. Na kama dalili ya hatari katika gemu yako ni nyekundu, basi damu, cheche na moto wa mapigo yako visiwe vyekundu. Tumia njano, nyeupe au buluu. Ninajua kwamba damu ya njano inachekesha. Mchezaji anayekufa kwa sababu hakuitofautisha damu ya adui na mshale hacheki.

Mwisho kabisa ndipo kamera. Mtikiso una gharama kubwa kwa sababu unasogeza kila kitu kwa pamoja: mhusika, maadui, mishale, hata ardhi. Kwa muda wote inapotikisika, mchezaji hana pa kuegemeza jicho. Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni ile aliyoieleza Squirrel Eiserloh, mtengenezaji na mwalimu wa gemu, katika mkutano wa watengenezaji wa gemu huko San Francisco mwaka 2016. Kamera isitikiswe moja kwa moja na pigo. Iwe na namba moja, tuiite kishindo, inayokaa kati ya 0 na 1. Kila pigo linaongeza kishindo, na kishindo kinapungua chenyewe kadiri muda unavyopita. Umbali ambao kamera inasogea ni kishindo kikizidishwa kwa kishindo, kisha kuzidishwa kwa umbali mkubwa uliouruhusu:

```
umbali = 10 * kishindo * kishindo
```

Hapo 10 ni pikseli, sehemu moja ya 64 ya upana wa picha yetu. Pigo jepesi liongeze 0.2. Mraba wake ni 0.04, na umbali ni pikseli 0.4; hakuna atakayeona, na ndivyo tunavyotaka. Pigo zito liongeze 0.5: umbali unakuwa pikseli 2.5, mguso mdogo unaohisiwa tu. Mapigo mawili mazito yakiingia kwa pamoja kishindo kinafika 1, na kamera inasogea pikseli 10 zote. Kishindo kikipungua kwa 1.5 kila sekunde, mapigo mepesi matatu kwa sekunde hayarundikani kamwe, kwa kuwa kati ya moja na jingine kishindo kinapungua kwa 0.5 na 0.2 inakuwa imeshakwisha. Kile kizidisho cha pili ndicho kinachokulinda: madogo yanabaki madogo na makubwa yanaonekana makubwa, bila wewe kuandika kanuni ya kila hali.

Mahali pa kamera pasichaguliwe kwa bahati nasibu upya kila fremu. Kamera ya namna hiyo inakwaruza, inaonekana kama televisheni yenye waya uliolegea. Tumia namba zinazobadilika kwa ulaini, ambazo Godot inazo ndani ya `FastNoiseLite`, na mtikiso mwingi uende upande wa pigo: panga linalopita mlalo litikise mlalo. Baa ya uhai na alama ziwe kwenye `CanvasLayer` yao zisifuate kamera, maana maandishi yanayoruka hayasomeki. Kisha tembea hadi ukingoni mwa ramani upige pigo zito ukiwa pale. Ukiona mstari mweusi ukichungulia pembeni, ongeza pikseli kumi au zaidi za mandhari nje ya ukingo.

Jambo moja kuhusu mtikiso ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza: usiutumie kwa namna ile ile mchezaji anapopiga na anapopigwa. Kama kamera inaruka sawasawa katika hali zote mbili, katikati ya vurugu mtu hajui kama anashinda au anakufa. Katika mfano wetu, kupiga kuwe na mgando na mguso mdogo wa kamera. Kupigwa kuwe na mtikiso ulio wazi na mlio wa chini, na cheche zisiwepo. Mchezaji atatofautisha hata akiwa hatazami baa ya uhai.

Utajuaje umezidisha? Rekodi video ya pambano lako gumu kuliko yote, kisha isogeze fremu moja moja hadi upate iliyochafuka zaidi. Isimamishe hapo, umwite mtu ambaye hajawahi kuiona gemu yako, na umpe sekunde moja tu akuoneshe mhusika yuko wapi na adui gani yuko karibu kushambulia. Wewe mwenyewe hufai kwa jaribio hilo, kwa kuwa unajua kila kitu kiko wapi hata ukifumba macho. Akishindwa, anza kupunguza, ukianzia kwa kamera, kisha cheche. Mgando uuguse mwisho. Jaribio la pili ni kuzima vikolombwezo vyote na kucheza kwa dakika kumi. Kama pambano halichezeki likiwa tupu, tatizo liko kwenye kasi ya maadui au urefu wa panga, na hakuna cheche itakayolitibu.

Lipo pia kundi la wachezaji ambao kwao mtikiso wowote ni mwingi. Wapo wanaopata kichefuchefu, wapo wanaoumwa kichwa, na wapo wanaocheza kwenye simu yenye kioo kidogo ambapo pikseli 10 zinaonekana kama 30. Nuclear Throne, gemu ya Vlambeer hao hao waliopata sifa kwa kutikisa skrini, ilitoka na sehemu ya kupunguza mtikiso katika mipangilio yake. Celeste inakuruhusu kuuzima kabisa, na ina hali maalumu kwa wanaodhurika na mimweko. Ikiwa umetumia ile namba ya kishindo, kazi yako ni kuzidisha 10 kwa thamani ya kitelezi kabla ya kusogeza kamera. Ni mstari mmoja wa msimbo, kwa hiyo usiitoe gemu yako bila huo.